Kanisa la Beauvais: jinsi mita 48 za mawe na vioo zilivyosimama, na kwa nini zilianguka mwaka 1284

Jioni ya tarehe 29 Novemba 1284, dari ya mawe ya kanisa kuu la Mtakatifu Petro mjini Beauvais, kaskazini mwa Paris, iliporomoka. Ilikuwa na miaka 12 tu tangu ikamilike. Kumbukumbu za kanisa zinataja dari kuu ya sehemu ya altare kuanguka, nguzo kadhaa za nje kuvunjika na madirisha makubwa kupasuka. Dari hiyo ilikuwa takriban mita 48 juu ya sakafu, na hadi leo hakuna kanisa lingine la Kigothi, yaani la ule mtindo wa ujenzi ulioanza Ufaransa karne ya 12, lililopandisha dari ya sehemu ya altare kufika hapo.

Ukitaka kuelewa namna makanisa ya Kigothi yalivyoweza kupanda juu vile huku kuta zake zikiwa vioo vya rangi, anza na Beauvais. Makanisa yaliyosimama salama hayakuonyeshi ni kiungo kipi kilichokuwa kimebanwa zaidi. Hili lilianguka, likajengwa upya, na alama za matengenezo bado zinaonekana kwa macho. Mimi binafsi naliona kuwa jengo linalofundisha kuliko yote ya aina yake.

Tuanze na tatizo ambalo waashi wa karne ya 12 walikuwa nalo. Walitaka kuezeka kanisa kwa mawe, kwa sababu dari za mbao ziliungua mara kwa mara. Jiwe lina nguvu kubwa likikandamizwa, ila likivutwa hukatika upesi, na chokaa iliyo kati ya jiwe na jiwe ni dhaifu zaidi. Kwa hiyo huwezi kulaza jiwe kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kwa upana wa mita 15. Unalazimika kupanga mawe madogo kwa umbo la tao, kila jiwe likimkandamiza mwenzake, na uzito ukishuka hatua kwa hatua hadi kwenye kuta.

Tao lina gharama yake. Uzito haushuki wima peke yake, unasukuma pia kwenda nje. Fikiria ngazi iliyoegemezwa ukutani: ukiilaza sana, miguu yake inataka kuteleza nyuma; ukiisimamisha zaidi, inatulia. Tao la nusu duara ni kama ngazi iliyolala kidogo. Msukumo wake ni mkubwa, na mafundi wa zamani waliukabili kwa kuta nene, mara nyingi zaidi ya mita moja na nusu, zenye madirisha madogo. Kila tundu ulilotoboa ukutani lilikuwa linapunguza kile kilichozuia dari isifunguke. Ndiyo maana makanisa ya kabla ya Kigothi ni mazito, mafupi na yenye giza ndani.

Tao lenye ncha lilibadilisha hesabu hiyo kwa njia mbili, na watu wengi hutaja moja tu. Ile inayotajwa ni msukumo. Kwa upana ule ule na uzito ule ule, msukumo wa pembeni hupungua kadiri kilele cha tao kinavyopanda. Chukua upana wa mita 15. Nusu duara inapanda mita 7.5. Ukitumia tao lenye ncha linalopanda mita 9.5, msukumo unapungua kwa takriban moja ya tano. Si kidogo, lakini pia haitoshi kuondoa ukuta mnene.

Njia ya pili ndiyo iliyofungua mlango. Dari ya Kigothi imegawanywa katika vipande vya mstatili, kila kimoja kikibebwa na nguzo nne kwenye pembe. Juu ya kila mstatili kuna matao ya aina tatu: yanayovuka ukumbi kwa upana, yanayofuata ukuta kutoka nguzo hadi nguzo, na mbavu mbili zinazokatana katikati kutoka pembe hadi pembe. Weka vipimo: upana mita 15, umbali wa nguzo kwa nguzo mita 7.5. Mlalo wa pembe hadi pembe unakuwa karibu mita 16.8. Ukitumia nusu duara kila mahali, tao la ukutani litapanda mita 3.75, la kuvuka litapanda 7.5, na mbavu zitapanda 8.4. Vilele vitatu, vimo vitatu tofauti. Dari inakuwa na vichuguu na mabonde, na tao la ukutani linabaki chini kabisa, mahali pale pale ulipotaka dirisha refu.

Nusu duara haina uhuru: upana ukishajulikana, kimo kimeshaamuliwa. Tao lenye ncha linaundwa na vipande viwili vya duara vinavyokutana juu, na fundi anaweza kuhamisha vitovu vya duara hizo apendavyo. Tao jembamba la ukutani linaweza kuchongoka sana hadi lifikie kimo cha mbavu, na lile pana likachongoka kidogo. Vilele vyote vinalingana, ukuta chini ya tao la pembeni unafunguka hadi juu kabisa ya dari, na uzito wote unakusanyika kwenye pembe nne. Ukuta ulio kati ya nguzo na nguzo hauna tena kazi ya kubeba dari.

Wazungu hawakuwa wa kwanza kulitumia tao hili. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Kairo, uliokamilika mwaka 879, una safu nzima za matao yenye ncha, miaka zaidi ya 250 kabla ya Kigothi kuanza. Msomaji wa pwani yetu analijua vizuri kutoka magofu ya Gedi na Kilwa, ambako mafundi walilijenga kwa matumbawe na chokaa. Kule majengo yalikuwa ya chini na kuta zilikuwa nzito, hivyo msukumo wa pembeni haukuwa shida kubwa. Jipya la Ufaransa lilikuwa kulichukua tao hilo na kulipandisha juu sana ya ardhi.

Na hapo ndipo shida ya pili inapoingia. Msukumo umekusanyika kwenye pembe, sawa, lakini uko mita 25 au 30 juu, na bado unasukuma nje. Kando ya ukumbi mkuu kuna kumbi za pembeni zenye paa la chini, na waumini wanapita humo, kwa hiyo huwezi kujaza nafasi hiyo kwa ukuta mnene. Mafundi wakapeleka mwega, yaani kile kinachouegemeza ukuta usisukumwe, nje ya jengo. Walijenga nguzo nzito nje kabisa ya kanisa, kisha wakarusha tao la mshazari kutoka nguzo hiyo, juu ya paa la ukumbi wa pembeni, hadi kwenye ukuta wa juu, mahali hasa mbavu za dari zinapokutana na ukuta. Msukumo wa dari unaingia kwenye tao hilo, unateremka kwa mshazari, unafika kwenye nguzo ya nje na kushuka ardhini. Hayo ndiyo matao ya miega unayoyaona yamezunguka kanisa la Kigothi kwa nje.

Vile vinara vya mawe vilivyochongwa juu ya nguzo za nje mara nyingi hudhaniwa kuwa mapambo. Vina kazi. Uzito wake unakandamiza sehemu ya juu ya nguzo, ambako msukumo wa mshazari unaingia, na kuyazuia mawe ya hapo yasiteleze.

Chartres, kusini-magharibi mwa Paris, ndiko mpango huu ulipofanyiwa kazi kwa ukamilifu. Kanisa la zamani liliungua mwaka 1194, na jipya likapandishwa hadi dari ya karibu mita 37. Kabla ya hapo makanisa makubwa yalikuwa na ghorofa juu ya kumbi za pembeni, ambayo ilisaidia kuushika ukuta mkuu lakini ikala nafasi ya madirisha. Chartres waliiondoa ghorofa hiyo, wakaitegemea miega ya nje, na madirisha ya juu yakarefuka hadi kukaribia kimo cha matao ya chini. Jumla ya madirisha ni 176, eneo la kioo likiwa takriban mita za mraba 2,600, na sehemu kubwa ya vioo hivyo ni vile vile vya karne ya 13.

Kioo chenyewe hakibebi dari hata kidogo. Ni vipande vidogo vilivyoyeyushwa kwa mchanga na majivu ya kuni, vikatiwa rangi kwa madini (bluu ya Chartres inatokana na kobalti), vikashikwa pamoja kwa vipande vya risasi. Risasi ni laini, na dirisha kubwa lingepinda kwa uzito wake na kwa upepo. Kwa hiyo nyuma ya vioo kuna fito za chuma zilizozamishwa kwenye mawe ya pembeni. Upepo ukigonga kioo, nguvu inapita kwenye risasi, kisha kwenye fito, kisha kwenye nguzo za mawe. Dirisha kubwa la Kigothi lina kazi moja ya kimuundo: kuuhamishia upepo kwenye nguzo. Ishike hoja hii ya upepo, tutaihitaji.

Baada ya Chartres, miji ilishindana. Reims ilifika kama mita 38, Amiens zaidi ya 42. Beauvais ilikuwa karibu na Amiens, na kanisa lake lilipoungua mwaka 1225, askofu Milon de Nanteuil alianzisha jipya. Lilipokamilika sehemu ya altare mwaka 1272, dari ilikuwa mita 48.

Kimo peke yake si kosa. Tao la mawe halijali sana ukubwa: ukiongeza vipimo vyote kwa uwiano ule ule, linasimama kama lilivyosimama dogo, kwa sababu mzigo unaokandamiza jiwe la kanisa huwa mdogo sana ukilinganisha na nguvu ya jiwe. Jacques Heyman, mhandisi wa Cambridge aliyechunguza Beauvais miaka ya 1960, alilisisitiza hili. Swali kwa majengo haya huwa ni la umbo: je, njia ambayo nguvu inapita inabaki ndani ya unene wa mawe? Ikikaribia ukingo, upande wa pili wa kiungo unafunguka. Ikitoka nje, nguzo inapinduka.

Beauvais hawakuongeza vipimo kwa uwiano ule ule. Walipandisha juu huku wakiendelea kupunguza mawe. Nafasi kati ya nguzo na nguzo katika sehemu iliyonyooka ya altare ziliachwa pana mno, kati ya mita 8 na 9, ili ukumbi uonekane wazi na madirisha yawe mapana. Nguzo zikabaki nyembamba. Hata ile njia ndogo iliyo katikati ya ukuta, kati ya matao ya chini na madirisha ya juu, ikawekewa vioo kwa nyuma. Kwa macho ni ajabu ya nuru. Kwa muundo, kila nguzo ilipewa eneo kubwa zaidi la dari, na eneo kubwa zaidi la kioo na paa linalopokea upepo.

Kisha kuna jambo dogo ambalo lisingeonekana na mtu aliyesimama chini. Kwa sababu kumbi za pembeni zilikuwa mbili kila upande, tao la mwega halikuweza kuruka kwa hatua moja hadi nje. Liliruka kwa hatua mbili, na katikati likatua kwenye nguzo nyembamba ya kati inayosimama juu ya paa. Nguzo hiyo ya kati haikuwekwa sawasawa juu ya nguzo iliyo chini yake. Ilisogezwa, na sehemu ya kitako chake ikawa inaning'inia juu ya dari ya ukumbi wa pembeni. Nguzo iliyokaa hivyo tayari inabeba uzito kwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Chochote kitakachoisukuma kwa pembeni kinaongeza upande huo huo au kinaufungua ule wa pili.

Kinachosukuma kwa pembeni ni upepo. Hebu tupige hesabu ya haraka. Upepo mkali wa dhoruba unaweza kukandamiza ukuta kwa takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Nafasi moja ya nguzo ina upana wa mita 8. Ukuta wa juu pamoja na paa lake la mbao lenye mteremko mkali una kimo cha angalau mita 25 juu ya paa za pembeni. Hiyo ni mita za mraba 200, yaani tani 20 za msukumo, zinazoishia kwenye seti moja ya matao ya miega na ile nguzo ya kati. Msukumo wa dari ni wa kudumu, mafundi waliuona tangu kilipoondolewa kiunzi cha mbao kilichoshikilia mawe ya dari wakati wa ujenzi. Huu wa upepo unakuja na kuondoka, na wakati mwingine miaka inapita kabla ya dhoruba kubwa.

Miaka ya 1970, mhandisi Robert Mark wa Chuo Kikuu cha Princeton alitengeneza vielelezo vya plastiki vya mkato wa jengo hili, akavipa mzigo na kuvitazama kwa mwanga maalumu unaoonyesha mahali penye mkazo. Matokeo yake yalielekeza kidole kwenye ile nguzo ya kati: upepo mkali ungeifanya ivutwe upande mmoja, na chokaa haiwezi kuvutwa. Kiungo kinafunguka ufa mwembamba kama unywele. Upepo ukitulia kinajifunga. Dhoruba ijayo kinafunguka tena, mvua inaingia, barafu ya majira ya baridi inapanua ufa, chokaa inamomonyoka. Nikitazama ile miaka 12 kati ya kukamilika na kuanguka, maelezo haya yananiingia akilini kuliko mengine, kwa sababu jengo lenye kasoro ya uzito peke yake kwa kawaida lingeonyesha shida mapema, pale kiunzi kinapoondolewa.

Yako maelezo mengine yenye uzito. Viollet-le-Duc, msanifu wa Kifaransa wa karne ya 19, alidhani chanzo ni nguzo pacha nyembamba za mawe marefu zilizosimamishwa mbele ya ukuta wa juu. Ukuta uliojengwa kwa mawe mengi na chokaa nyingi hushuka kidogo chokaa inapokauka, na chokaa ya zamani ilichukua muda mrefu sana kukauka. Jiwe refu la kipande kimoja halishuki. Taratibu, mzigo uliokusudiwa kwa ukuta ukahamia kwenye vijiti hivyo, vikakatika, na ukuta ukapinda. Heyman aliona wazo hili lina mantiki. Stephen Murray, aliyelichunguza jengo kwa miaka mingi, aliweka mkazo kwenye upana wa nafasi zile na kile kitako kinachoning'inia. Naona hoja hizi zinaweza kukaa pamoja: jengo lilikuwa limeishiwa akiba mahali kadhaa kwa wakati mmoja, na kiungo cha kwanza kulegea kiliwaponza wengine.

Ushahidi mzuri zaidi ni jinsi waashi wenyewe walivyotengeneza. Hawakushusha dari hata mita moja. Walichofanya ni kusimamisha nguzo mpya katikati ya kila nafasi, hivi kwamba nafasi tatu pana kila upande zikawa sita nyembamba. Nguzo mpya zikapata matao yake ya miega. Dari iliyokuwa na vipande vinne katika kila mstatili ikajengwa upya na vipande sita. Rudi kwenye hesabu yetu: zile tani 20 za upepo sasa zinagawanywa kwa seti mbili. Watu wale hawakuwa na mitambo wala hesabu za mkazo, lakini utambuzi wao ulikuwa sahihi kabisa. Kazi iliendelea hadi miaka ya 1340 hivi.

Ukiingia leo utayaona haya bila kuhitaji mwongozaji. Sehemu ya nusu duara nyuma ya altare haikuanguka, na matao yake ni ya mpango wa awali. Kwenye sehemu iliyonyooka matao ya chini yamebanwa, marefu na membamba kupita kiasi, yakikaribiana kwa namna ambayo hakuna msanifu angeyachora hivyo tangu mwanzo. Tazama juu uhesabu mbavu za dari, utapata sita zikikutana. Wengi wanaipenda hali hiyo kwa jinsi inavyovuta macho kwenda juu, na ni kweli inavuta, ila ilizaliwa na matengenezo.

Hadithi ya miega haikuishia hapo. Mbawa mbili za kanisa, yaani kumbi zinazotokeza kaskazini na kusini, zilianzishwa mwaka 1500 chini ya Martin Chambiges na kumalizika katikati ya karne hiyo. Badala ya kuendelea na ukumbi mkuu upande wa magharibi, waliamua kujenga mnara juu ya makutano, pale mbawa zinapokutana na mwili wa kanisa, na mnara huo ulifika mita 153. Nguzo nne za makutano zilikuwa na altare iliyoziegemeza upande wa mashariki na mbawa kaskazini na kusini. Upande wa magharibi hazikuwa na kitu. Zikaanza kuinama kuelekea huko huko, wakaguzi wakaonya, na tarehe 30 Aprili 1573, siku ya Kupaa Bwana, mnara ukaanguka muda mfupi baada ya waumini kutoka kwa maandamano. Ukumbi mkuu haukujengwa kamwe. Upande huo wa magharibi bado kuna mabaki ya kanisa dogo la kabla ya mwaka 1000, ambalo lilipaswa kubomolewa kupisha jipya.

Na upepo bado ni mpangaji wa humo. Kati ya mwega na mwega, Beauvais ina fito za chuma zinazoiunganisha kwa urefu wa jengo. Miaka ya 1960 fito kadhaa ziliondolewa kwa sababu zilionekana kuharibu mandhari na kutokuwa na kazi. Miega ikaanza kuyumba kwenye upepo mkali kiasi cha kuonekana, na fito zikarudishwa. Miaka ya 1990 mihimili mikubwa ya mbao na chuma ilisimamishwa ndani ya mbawa kuzuia nguzo zisiendelee kusogea.